Dola 25 zilizokosekana: kisa cha karo ya Februari 2024

Shangazi yangu anauza vitenge Arua. Binti yake anasoma chuo kikuu India, na karo huko hudaiwa kwa dola za Kimarekani, muhula kwa muhula. Mimi niko Kampala, natunza vitabu vya hesabu vya wenye maduka, kwa hiyo neno "dola" likiingia nyumbani simu huwa inalia kwangu. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake. Daftari lake lote tulilipitia pamoja. Bei za kubadilisha fedha nimezizungusha kidogo ili hesabu zisomeke, ila hazijaenda mbali na zilivyokuwa siku zile.

Ankara ya muhula wa pili ilikuwa dola 1,600, masomo na bweni pamoja, na mwisho wa kulipa ulikuwa tarehe 8 Machi 2024. Shangazi hakulala. Alianza kujipanga tangu Septemba 2023. Siku hiyo alifungua simu, akaona dola moja ni shilingi 3,740 za Uganda, akazidisha, akapata 5,984,000. Akaandika kwenye daftari "milioni 6, karo" na kuanza kuweka kidogo kidogo kila wiki ya mnada. Kufikia mwisho wa Februari milioni 6 zilikuwa zimetimia. Karo yenyewe ilipokwisha kulipwa yote, hesabu ilisoma 6,576,650. Pengo la shilingi 576,650 lilitoka kwenye mtaji wa vitenge, na mzigo wa Pasaka mwaka ule ukapungua.

Kila mtu pale nyumbani alikuwa na lawama yake. Mjomba alisema ni dola kupanda. Shangazi alisema ni benki. Binti alidhani chuo kimeiba. Nilipoketi na karatasi zote mezani niliona kila mmoja ameshika kipande cha kweli, na vipande hivyo havilingani ukubwa wala dawa yake si moja. Ndiyo maana nataka kuvitenganisha hapa.

Nianze na ile 3,740 ya Septemba. Bei inayotokea ukiuliza kwenye simu ni kiwango cha kati, yaani katikati ya bei ambayo benki hununulia dola na bei ambayo huuzia. Ni namba nzuri ya kujua soko limesimama wapi, lakini hakuna dirisha hata moja Uganda nzima ambalo mama wa sokoni atauziwa dola kwa bei hiyo. Ubao wa benki au wa foreksi una safu mbili. Safu ya kununua ni bei wanayokupa ukiwaletea dola. Safu ya kuuza ni bei unayowalipa ukizitaka kwao. Mwenye karo anasoma safu ya kuuza tu. Tarehe 26 Februari 2024 kiwango cha kati kilikuwa karibu 3,910, na benki ya shangazi ilimuuzia kwa 3,960. Shilingi 50 kwa dola zinaonekana ni kitu kidogo, lakini zidisha mara 1,600 upate 80,000. Pesa hii haikuandikwa popote kuwa ni ada. Kwenye risiti yake hakuna mstari unaoitaja, kwa sababu imekwisha kufichwa ndani ya bei. Watu wengi hulalamikia ada ya kutuma, inayoonekana, na hii huipita bila kuiona.

Sehemu ya pili ni soko kusogea. Kutoka 3,740 hadi 3,910 ni shilingi 170 kwa kila dola, na kwa ankara nzima ni 272,000. Hapa mjomba alikuwa sahihi: hiki ndicho kipande kikubwa kuliko vyote. Miezi ile ya mwanzo wa 2024 shilingi ilikuwa imedhoofika kweli, hadi mwanzoni mwa Machi Benki Kuu ya Uganda ikapandisha riba yake kutoka asilimia 9.5 hadi 10, na kudhoofika kwa shilingi kulikuwa miongoni mwa sababu. Hakuna mtu Arua ambaye angeweza kuzuia hilo. Lakini daftari la shangazi lilikuwa limeandikwa kana kwamba bei ya Septemba ingemsubiri hadi Februari. Miezi mitano yote aliweka shilingi tu, akiwa na deni la dola. Kila wiki aliyoongeza akiba, akiba hiyo hiyo ilikuwa inapungua thamani upande wa India.

Kabla sijafika benki, kuna jambo dogo la Arua lenyewe ambalo sikuliingiza kwenye pengo lakini lilimuuma. Wateja wa kutoka Aru na Ariwara, upande wa Kongo, humlipa mara nyingi kwa dola taslimu, na katika akiba yake alikuwa na dola 150 za noti. Aliamini hizo angalau ziko salama, atazipeleka benki moja kwa moja. Karani akazirudisha karibu zote. Zilikuwa za kumi kumi na ishirini ishirini, nyingine zimechorwa kalamu, nyingine zimechanika ukingoni. Foreksi walizichukua kwa 3,650, wakati siku hiyo hiyo noti za 50 na 100 zilizo safi walikuwa wakizinunua kwa 3,890. Tofauti ya 240 kwa dola 150 ni shilingi 36,000. Dola kwenye simu ni moja; dola mkononi zina madaraja. Siku hizi shangazi akipewa noti ndogo au chakavu huzihesabia bei ya chini papo hapo mezani, mteja akiwa bado amesimama, na Wakongo wanamwelewa maana kwao ndivyo biashara inavyokwenda.

Sasa benki, ambako ndiko kisa kilikofungana.

Jumatatu tarehe 26 shangazi alijaza fomu ya kutuma fedha nje. Benki ilimkata dola 30 za kutuma, na juu yake ushuru wa serikali wa asilimia 15 unaotozwa kwenye ada za benki Uganda, yaani dola 4.50. Jumla 34.50, ambazo kwa bei ya 3,960 ni shilingi 136,620. Alikwisha kuambiwa ada itakuwepo, ila hakuiandika kwenye daftari Septemba. Akapewa karatasi yenye mhuri, akaipiga picha, akamtumia binti. Nyumbani wakachinja kuku.

Jumatatu iliyofuata, tarehe 4 Machi, binti akapokea ujumbe kutoka ofisi ya fedha ya chuo: tumepokea dola 1,575, salio unalodaiwa ni 25, jina lako halitaingia kwenye usajili wa mitihani mpaka salio liwe sifuri. Shangazi alinipigia saa tatu usiku. "Mwanangu, nimelipa elfu moja mia sita. Risiti ninayo. Hizo ishirini na tano zimekwenda wapi?"

Nilimwomba asubuhi aende benki akadai nakala ya ujumbe wenyewe wa SWIFT, mtandao ambao benki hutumiana maagizo ya malipo, ule unaoitwa MT103, kwa sababu karatasi yenye mhuri aliyokuwa nayo inaonyesha tu kwamba benki imepokea maagizo yake. Mteja anaweza kuomba nakala ya MT103, na watu wengi hawalijui hilo. Ina mistari mingi, lakini kwa tatizo la aina hii unahitaji mitatu tu:

```
:32A:240226USD1600,
:33B:USD1600,
:71A:SHA
```

Mstari wa `33B` ni kiasi ambacho mteja aliagiza kitumwe. Mstari wa `32A` una tarehe, sarafu, na kiasi ambacho benki yetu ilikabidhi kwa benki iliyofuata. Vyote viwili vilisema 1,600. Maana yake benki ya Arua haikuchukua hata senti kutoka kwenye fedha yenyewe. Ada yake iliikata pembeni, kama ilivyosema. Jibu lilikuwa kwenye mstari wa tatu, `71A`, ambao unaeleza nani anabeba gharama za njiani.

Dola haiendi Arua hadi India kwa hatua moja. Benki yetu haina akaunti kwenye benki ya chuo. Ina akaunti ya dola kwenye benki nyingine kubwa, kwa kawaida New York, na hiyo huitwa benki wakala. Benki ya chuo nayo ina njia yake ya kupokea dola kupitia huko huko. Kila anayepokea na kupitisha ana haki ya kudai ujira. Fomu ya kutuma ina visanduku vitatu vya kuamua ujira huo unatoka wapi. `OUR` ni kwamba mtumaji analipa zote, za nyumbani na za njiani. `BEN` ni kwamba mpokeaji anabeba zote. `SHA` ni kugawana: mtumaji analipa benki yake, na wengine wote huko mbele wanakata kwenye fedha inayopita. Shangazi hakuweka alama popote. Karani akaweka `SHA`, ambayo ndiyo hutumika fomu ikiachwa wazi.

Kila muamala una pia namba ya ufuatiliaji yenye herufi na tarakimu mchanganyiko na vistari, alama 36 kwa jumla, inaitwa UETR. Kwa namba hiyo benki inaweza kuona fedha ilipopita na nani alikata nini, ikiwa benki zote za njiani zimejaza taarifa. Kwetu ilionekana vizuri: benki wakala ya New York ilikata dola 15, na benki ya chuo ikakata 10. Ndizo zile 25. Chuo hakikuiba, na benki ya Arua haikudanganya. Wote walikuwa wakweli na mtoto bado alikuwa nje ya orodha ya mitihani.

Kwa wanaolipa sasa hivi: tangu Novemba 2025 benki zimehamia mfumo mpya wa ujumbe kwa malipo ya nje, na ndani yake herufi zimebadilika. Palipokuwa `OUR` utaona `DEBT`, palipokuwa `SHA` utaona `SHAR`, na palipokuwa `BEN` utaona `CRED`. Kwenye fomu za dirishani bado unaweza kukuta zile za zamani. Maana ni zile zile.

Hapo ndipo karani alipotoa ushauri uliokuwa karibu kutuumiza mara ya pili. Alimwambia shangazi, "Mama, tuma tu hizo ishirini na tano." Nilikuwa kwenye simu, nikamwomba asitie saini. Fikiria dola 25 zikisafiri kwa `SHA` kwenye njia ile ile inayokata 25. Zingefika zikiwa hazina kitu, au zingerudishwa zikiwa zimekatwa. Ili 25 zifike kamili alipaswa kutuma 50, na juu yake alipe tena 34.50 za benki yake. Jumla dola 84.50, yaani shilingi 334,620, kufunga tundu la dola 25. Ada za njiani na za kutuma hazitazami ukubwa wa kiasi. Unatuma 25 au 1,600, mkato ni ule ule. Ndiyo maana pengo dogo hugharimu zaidi kulifunga kuliko kulizuia.

Tuliuliza chuo kama kinaweza kuzihamishia 25 kwenye ankara ya muhula ujao. Vyuo vingine hukubali, na inafaa kuuliza kwanza maana ndiyo njia isiyogharimu kitu. Ofisi yao ilikataa, mfumo wao hauruhusu usajili ukiwa na salio. Lakini chuo kilikuwa na ukurasa wa kulipia kwa kadi, na ukurasa huo ulitoza asilimia 3. Kadi ya benki ya shangazi ilikuwa imefungiwa malipo ya mtandaoni. Ilibidi aende dirishani kufunguliwa, na hiyo ilikula siku nzima. Alhamisi tarehe 7, siku moja kabla ya mwisho, dola 25.75 zilipita. Benki ilizihesabu kwa 4,040 kwa dola, mbaya kuliko bei ya dirishani, lakini kwa kiasi kidogo namna hiyo haikuwa na uzito: shilingi 104,030. Jioni ile ile salio likasoma sifuri.

Mbele ya kadi kuna mtego mmoja nimewaona wengi wakiingia. Ukurasa wa malipo ukikuuliza kama unataka kulipa kwa dola au kwa shilingi za Uganda, chagua sarafu ya ankara, yaani dola. Ukichagua shilingi, ukurasa wenyewe ndio unaokupangia bei ya kubadilisha, na mara nyingi huweka faida yao juu.

Baada ya hapo nilifanya hesabu ambayo sikuitarajia matokeo yake. Nilitaka kumwonyesha shangazi alivyopoteza kwa kutochagua `OUR`. Benki yake ilikuwa ikitoza dola 25 za ziada kwa `OUR`. Kwa hiyo angelipa 30 na ushuru wa 4.50 na hizo 25, jumla 59.50, yaani shilingi 235,620. Alicholipa kwa njia aliyopita, 136,620 za kutuma na 104,030 za kadi, ni 240,650. Tofauti ni shilingi 5,030. Sikumficha. Kwa pesa, kosa la kisanduku halikumgharimu karibu chochote, kwa sababu tu kadi ilikubali. Lilimgharimu siku kumi, safari tatu za benki, duka limefungwa, na mtoto asiyelala. Kadi isingekubali, kwa kufuata ushauri wa dirishani, ada peke yake zingefika 471,240.

Tukavirudisha vipande vyote mezani. Soko kusogea, 272,000. Tofauti ya bei ya kati na ya kuuza, 80,000. Ada za kutuma na dola 25 zilizorudiwa, 240,650. Jumla 592,650. Toa 16,000 alizokuwa amezidisha alipoandika milioni 6 badala ya 5,984,000, unabaki na lile pengo la 576,650. Yaani zaidi ya nusu ya pengo lote haikutokana na dola kupanda. Zilikuwa gharama ambazo hata Septemba zingeweza kujulikana kwa kuuliza swali moja dirishani.

Kwa muhula wa Julai tulilipanga daftari upya, na hapa ndipo naomba msomaji mwenye ankara ya dola anifuate polepole.

Kwanza, deni tuliliandika kwa dola, pamoja na gharama za njia. Ankara 1,600, njia 60. Kwa hiyo shangazi anadaiwa dola 1,660, na shilingi zitafuata baadaye. Hizo 60 hazipandi wala kushuka na ankara. Kwa 1,600 ni chini ya asilimia 4, lakini mtu anayetuma 800 mara mbili akidhani anajipunguzia mzigo analipa 60 mbili. Ukitaka kulipa kwa awamu, gawanya siku za kununua dola na uache kutuma kuwe mara moja.

Hilo ndilo jambo la pili, na kwangu ndilo lililobadilisha kila kitu. Kununua dola na kutuma dola ni mambo mawili tofauti, ila fomu ya benki huyafanya yaonekane ni moja. Shangazi alifungua akaunti ya dola kwenye benki ile ile. Uganda sheria haimzuii mtu wa kawaida kuwa na akaunti ya fedha za kigeni, na hahitaji kibali. Kila mwezi, kuanzia Machi hadi Julai, alihamisha shilingi na kununua dola 332, zikakaa humo. Mara tano 332 ni 1,660. Kabla ya kufungua muulize karani ada ya mwezi ya akaunti hiyo, na kama kuna ada ya kuweka noti taslimu, maana kwenye baadhi ya benki zipo, na mtu anayebeba dola za foreksi kwenda kuziweka anaweza kupoteza pale alichookoa kwenye bei. Uliza pia bei maalumu. Kwa kiasi cha dola elfu moja na zaidi, karani anaweza kupiga simu makao makuu upate nafuu ya shilingi kumi au ishirini kwa dola. Bei ya ubaoni ni ya asiyeuliza.

Tatu ni mto wa kuegemea, akiba ya kupanda kwa dola. Niliangalia nyuma. Kati ya Septemba na Februari ile, dola ilikuwa imepanda kama asilimia 4.5. Mwaka 2015 ilikuwa balaa: shilingi iliingia mwaka ikiwa chini kidogo ya 2,800 kwa dola na kufikia Septemba ilikuwa imevuka 3,600. Mama muuza vitenge hawezi kuweka akiba ya kuhimili mwaka kama 2015. Pesa hiyo ikikaa bila kazi duka litakufa kabla ya karo. Tulikubaliana asilimia 6 juu ya bei ya kuuza ya siku ile. Bei ilikuwa 3,950, ikatupa 4,187, tukaizungusha kuwa 4,190. Mara 1,660 ni 6,955,400, yaani 1,391,080 kila mwezi.

Mwezi wa Machi dola 332 zilimgharimu 1,311,400 na zikabaki 79,680 upande wa shilingi. Na angalia kinachotokea: dola alizokwisha kununua hazihitaji tena mto. Mwezi wa kwanza hofu yake ilikuwa juu ya dola 1,660. Mwezi wa tano ilikuwa juu ya 332 tu, wakati mto wote bado upo. Kwa njia hii asilimia 6 inahimili mshtuko mkubwa zaidi kadiri siku ya kulipa inavyokaribia, kinyume kabisa na alivyokuwa Februari, ambapo siku ya mwisho ndiyo ilikuwa siku ya hatari kubwa.

Kilichotokea ni kwamba shilingi ikapata nguvu. Alinunua kwa 3,950, halafu 3,860, 3,830, 3,780, na Julai 3,750. Kwa jumla alitumia 6,364,440. Angesubiri mpaka Julai na kununua zote siku moja, angelipa 6,225,000. Alilipiga hesabu hilo mwenyewe kabla sijamwambia. "Kwa hiyo umenipotezea laki moja na thelathini na tisa," akasema. Nilimjibu kwamba ni kweli, 139,440, na kwamba Machi hakuna kati yetu aliyejua bei itaelekea wapi. Pesa hiyo ndiyo aliyolipa ili Julai isimkute kama Februari. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kila muhula itakuwa hivyo. Nikamwambia muhula mwingine itakuwa upande wake, na siwezi kumtajia upi.

Siku ya kutuma nilimsisitiza aweke alama kwenye `OUR` kwa mkono wake mwenyewe na asome kabla ya saini. Aulize na jambo moja zaidi: je, `OUR` ya benki hii inahakikisha kiasi kufika kamili? Kwa dola zinazopita Marekani, hata malipo ya `OUR` huweza kukatwa njiani, isipokuwa benki imelipia ile huduma ya kufikisha kiasi kizima. Karani hakujua, akampigia mkubwa wake, wakakubaliana kwamba ikikatwa benki itafidia ikiletewa barua ya chuo. Shangazi akaomba waandike hilo kwenye nakala yake ya fomu. Alituma wiki mbili na nusu kabla ya mwisho, muda wa kutosha kurekebisha kama lolote lingepungua.

Siku ya nne binti alituma picha ya risiti ya chuo. Dola 1,600, salio sifuri.

Kwenye akaunti ya shilingi zilibaki 590,960 za mto ambao haukuguswa. Mjomba alitaka zirudi kwenye vitenge. Shangazi alitaka zinunue dola za muhula wa Januari mara moja, bei ikiwa bado 3,750, na ada ya mwezi ya akaunti akasema ataibeba. Nilimwambia nusu kwa nusu. Hakunijibu siku ile, na daftari alikuwa nalo yeye.